Kugeuza Tangazo la Idi Liwe la Mwaka Mzima: Mwongozo Kamili, Bila Kuacha Masalia ya Tarehe

Sikukuu ikipita, maduka mengi hufungua tangazo lililouza vizuri, hufuta neno "Idi" na tarehe, kisha hulirudisha hewani. Wiki moja baadaye mteja anauliza, "Hiyo ofa bado ipo?" Mwingine anabonyeza kitufe cha WhatsApp na simu inamwandikia yenyewe "Nataka ofa ya Idi", wakati huo ni Juni.

Kosa ni lile lile kila mara: maneno yamefutwa, lakini sababu ya kununua haijabadilishwa. Katika tangazo la sikukuu, sikukuu yenyewe ndiyo sababu. Ukiiondoa bila kuweka nyingine, mteja anabaki na bei na kelele tu. Mwongozo huu unafuata tangazo moja la duka la vyombo vya jikoni Dar es Salaam, tulilolitunga kwa ajili ya mfano, kutoka Idi mpaka siku za kawaida.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nakala kamili ya tangazo la zamani. Usifanyie kazi juu ya nakala halisi. Idi ijayo utaihitaji.
- Orodha ya kila mahali lilipowekwa: tovuti, katalogi ya WhatsApp, Facebook, Instagram, ujumbe wa salamu, mabango ya dukani.
- Vipimo vya bidhaa kutoka kwa mtu wa stoo, si kutoka kwenye tangazo: ukubwa, malighafi, idadi, mifuniko, dhamana.
- Bei ya leo na utaratibu wa leo wa kupeleka mzigo.
- Maswali 10 hadi 15 ambayo wateja waliuliza kuhusu bidhaa hiyo nje ya msimu. Yamo kwenye simu ya duka; yanakili kama yalivyoandikwa.

Usianze bila hayo maswali. Sababu mpya ya kununua hutoka humo, na ukiikosa utajikuta unaandika "ubora wa hali ya juu kwa bei nafuu", maneno yanayofaa kuuza chochote kuanzia sufuria hadi matairi.

## Tangazo tunaloanza nalo

> IDI MUBARAK! Idi hii usihangaike kuazima sufuria kwa jirani. Baada ya mwezi mzima wa mfungo, familia yako inastahili pilau lililoiva vizuri. Seti yetu mpya ya sufuria 5 nzito sasa ni Sh 145,000 tu badala ya Sh 180,000. Zimebaki chache! Agiza kabla ya tarehe 28 Machi, tukuletee bure popote Dar es Salaam kabla ya sikukuu. Andika IDI2025 WhatsApp upate upawa wa zawadi. Usiikose!

Na hivi ndivyo linavyokuwa likifutwa haraka haraka:

> Usihangaike kuazima sufuria kwa jirani. Baada ya mwezi mzima, familia yako inastahili pilau lililoiva vizuri. Seti yetu mpya ya sufuria 5 nzito sasa ni Sh 145,000 tu badala ya Sh 180,000. Zimebaki chache! Agiza, tukuletee bure popote Dar es Salaam. Usiikose!

Hakuna tarehe, hakuna neno Idi, lakini bado ni tangazo la Idi. "Baada ya mwezi mzima" wa nini? "Sasa" ni lini? "Zimebaki chache" tangu lini? Na "usiikose" inaitaja ofa ambayo haimo tena.

## Hatua ya 1: Amua kama bidhaa inageuzika

Jiulize kama mteja angeinunua hata kama sikukuu isingekuwepo. Sufuria, ndiyo. Kadi za Idi na mapambo ya Krismasi, hapana. Hayo yahifadhi mpaka msimu wake. Kapu la sikukuu liko katikati: linageuzika tu ukibadilisha vilivyomo. Kapu lenye tende na ubani halitakuwa "kapu la nyumbani" kwa sababu ya jina jipya.

Ukiona jibu linasuasua, liache. Ni afadhali kuandika tangazo jipya kuliko kulivalisha la zamani nguo isiyolitosha.

## Hatua ya 2: Ikague sentensi moja moja kwa rangi tatu

Bandika tangazo kwenye waraka na upake rangi. Nyekundu ni kilichokufa na msimu. Njano ni kilicho kweli lakini kimeegemea msimu. Kijani ni kilicho kweli siku yoyote.

Katika mfano wetu, nyekundu ni salamu, mfungo, tarehe 28 Machi, msimbo IDI2025, zawadi ya upawa na "kabla ya sikukuu". Njano ni kuazima sufuria, pilau, "mpya", bei, "zimebaki chache" na kuletewa bure. Kijani ni "sufuria 5 nzito", basi.

Usishtuke kijani kikiwa kidogo hivyo. Ndivyo matangazo ya sikukuu yalivyo: yanaieleza siku kuliko kitu. Ukipaka rangi na kijani kikatoka kingi, huenda umekuwa mpole mno. Rudia kwa swali hili: je, sentensi hii ni kweli tarehe 15 Julai?

Angalizo: si kila tarehe ni ya kufutwa. Muda wa dhamana, saa za kufungua duka na mwaka duka lilipoanza ni taarifa za kudumu. Ila hiyo ya mwisho iandike "tangu 2017", si "miaka 8 kazini", kwa sababu hesabu ya miaka huchakaa kila Januari bila mtu kugundua.

## Hatua ya 3: Tafuta sababu mpya kabla ya kuandika neno lolote

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Chukua yale maswali ya wateja uyapange kwa makundi. Kwa sufuria, maswali ya kawaida huwa ya aina hii: "Kubwa kabisa inaingia kilo ngapi?" "Chini haiunguzi?" "Kila moja ina mfuniko wake?" "Inafaa jiko la gesi?"

Yaangalie vizuri. Hakuna anayeuliza kuhusu sherehe. Wanauliza kuhusu kiasi cha mchele, ukoko ulioungua, mfuniko na jiko. Basi sababu ya mwaka mzima ni hii: siku wageni wanapozidi, sufuria ya kila siku haitoshi, na ya kuazima mara nyingi huja bila mfuniko wake. Wazo la kuazima kwa jirani lilikuwa zuri tangu mwanzo. Lilihitaji tu kung'olewa kwenye Idi na kupandwa kwenye siku yoyote ya wageni.

Ukishapata sababu, iunge na sifa ya bidhaa inayoitimiza. Kitako kinene husambaza moto, ndiyo maana wali hauungui chini kabla ya kuiva juu. Mfuniko unaokaa sawasawa huzuia mvuke usitoke, na pilau humalizikia kwa mvuke. Sababu bila sifa ni ahadi tupu, na sifa bila sababu ni orodha ya stoo.

Angalizo: usiondoe msimu mmoja ukaingiza mwingine. "Shule zikifunguliwa", "baridi ya Julai", "mvua za masika", "mwisho wa mwaka", yote hayo ni misimu. Hata "mwezi huu mshahara ukitoka" una tarehe ndani yake. Tumia matukio yasiyo na kalenda: wageni wa ghafla, hitima, kikao cha vikoba, kitchen pati, Jumapili ya familia.

Utajua umefaulu ukiweza kuisema sababu kwa sentensi moja isiyo na neno la wakati, na mtu asiyeliona tangazo la zamani asihisi kuna kitu kimekatwa.

## Hatua ya 4: Shughulikia bei, haraka na masharti

Hiki ndicho kipande kinachoweza kukuletea matatizo na mteja, na hata na sheria.

Bei ya "Sh 145,000 badala ya Sh 180,000" ilikuwa ofa ya muda. Kama leo unauza Sh 180,000, andika hiyo peke yake. Kama umeamua Sh 145,000 iwe bei ya kawaida, andika Sh 145,000 peke yake. Usiache bei ya zamani iliyokatwa mstari kwa miezi. Punguzo lisiloisha si punguzo, na kumwonyesha mteja bei ya awali ambayo hamuuzi tena ni kumpotosha. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji, bei ikiwemo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012.

"Zimebaki chache" ifute kabisa. Ukihitaji msukumo, mpe mteja kitu kinachopunguza wasiwasi wake badala ya kumtisha: picha zaidi, vipimo, au ruhusa ya kukagua mzigo kabla ya kulipa, mradi duka linafanya hivyo kweli.

Kuletewa bure nako kulikuwa sehemu ya ofa. Muulize anayelipa bodaboda kabla hujaandika. Kama gharama inategemea mahali, sema hivyo, na sema kwamba mteja ataijua kabla ya kulipa. Ukiacha neno "bure" kwa kusahau, duka litalazimika ama kubeba gharama ama kugombana na mteja mlangoni.

"Mpya" huisha muda wake taratibu. Ondoa, isipokuwa unatofautisha na mtumba.

## Hatua ya 5: Andika upya, usiunge viraka

Funga tangazo la zamani. Andika kutoka kwenye sababu, sifa, bei na utaratibu. Ukiandika huku unalitazama, mdundo wa sikukuu utarudi: alama za mshangao, "hatimaye", "wakati umefika".

> Sufuria ya kilo 3 za mchele, bila kuazima kwa jirani
>
> Wageni wakizidi, sufuria ya kila siku haitoshi, na ya kuazima mara nyingi huja bila mfuniko wake. Seti hii ina sufuria 5 nzito za aluminiamu, kuanzia lita 2 hadi lita 12, kila moja na mfuniko wake. Kitako ni kinene, hivyo pilau linaiva juu na chini bila kuungua. Zinafaa jiko la gesi na la mkaa.
>
> Bei ya seti ni Sh 180,000. Ukiwa Dar es Salaam tunakuletea mpaka mlangoni. Gharama ya usafiri utaambiwa kabla hujalipa. Andika SUFURIA kwenye WhatsApp, tukutumie picha na vipimo.

Linganisha urefu: halijapungua, ingawa mambo ya sikukuu yameondoka yote. Nafasi yao imechukuliwa na vipimo ambavyo la kwanza halikuwa navyo. Tangazo likitoka fupi mno kuliko la zamani, kwa kawaida ni dalili kwamba umefuta tu, hujajibu swali la mteja.

## Hatua ya 6: Kagua upatanisho wa sarufi

Kiswahili huacha alama za nomino iliyoondoka ndani ya vitenzi vilivyobaki. "Usiikose" inarejelea ofa. Sufuria zikiwa ndizo zinazozungumziwa, inakuwa "usizikose", au bora uitoe kabisa. "Msimu wenye furaha zake" ukigeuzwa kuwa "siku", ni "siku zenye furaha zake". "Uliousubiri" bila msimu halina cha kurejelea.

Soma kwa sauti, na kila ukikuta kiambishi i-, u-, zi- au li- ndani ya kitenzi, kionyeshe kwa kidole nomino yake. Kama nomino haimo kwenye sentensi hiyo au iliyotangulia, umepata masalia.

## Hatua ya 7: Saka maneno yaliyojificha

Ukitafuta "idi" kwa njia ya kawaida utaletewa "zaidi", "baridi" na "faidika", na kwenye waraka mrefu utachoka uanze kuruka. Katika Google Docs fungua `Find and replace`, weka alama kwenye `Use regular expressions`, kisha tafuta:

```
\b(Idi|idi|IDI|Idd|Iddi|Eid)\b
```

Hii huleta neno zima tu. Ila haitakamata msimbo kama IDI2025 wala kiungo kilichoandikwa `ofa_ya_idi`, kwa sababu herufi zimegandana na tarakimu au mstari wa chini. Kwa hiyo tafuta tena miaka:

```
20[0-9][0-9]
```

Viungo visome kwa macho, kimoja kimoja.

Kisha pitia maneno yasiyotaja sikukuu lakini yanaibeba: futari, daku, mfungo, mwezi mwandamo, mkono wa Idi, mubarak, msimu, sherehe. Baada ya hapo, maneno ya wakati usio na tarehe: leo, sasa, wiki hii, mwaka huu, hadi, kabla ya, bado, mwisho. "Leo" itakuletea "maendeleo" pia. Vumilia, ni machache.

Ushuhuda wa wateja una kanuni yake. Mteja aliyesema "nilizinunua kwa ajili ya Idi na zimenifaa sana" usimbadilishie maneno. Chukua ushuhuda mwingine, au mwombe sentensi mpya baada ya kuzitumia miezi kadhaa. Kwa tangazo la kudumu, huo wa baadaye una uzito zaidi.

## Hatua ya 8: Safisha nje ya maandishi

Masalia mengi hayapo kwenye aya, yapo kwenye vitu vinavyoizunguka. Fuata orodha yako ya mahali tangazo lilipo.

Kiungo cha WhatsApp. Kitufe cha tovuti huwa na ujumbe ulioandikwa tayari. Kikague mwishoni, kikiwa hivi, badilisha:

```
?text=Nataka%20ofa%20ya%20Idi
```

Angalia pia ujumbe wa salamu, ujumbe wa kutokuwepo na majibu ya haraka ndani ya WhatsApp Business. Hayo husahaulika kuliko yote kwa sababu mwenye duka mwenyewe hayaoni; anayeyaona ni mteja.

Picha. Mwezi na nyota, fanusi, mikono yenye hina, rangi ya kijani na dhahabu, hayo yanasema Idi bila herufi hata moja. Piga picha mpya yenye sufuria jikoni. Jina la faili na maelezo mbadala ya picha yabadilishe pia. `sufuria-idi-2025.jpg` linasomeka na mitambo ya utafutaji.

Anwani ya ukurasa. Kama ukurasa unaitwa `/ofa-ya-idi-2025`, tengeneza `/seti-ya-sufuria-5` kisha elekeza ule wa zamani huko, usiufute, kwa sababu watu walishausambaza kwenye magrupu. Kwenye seva ya Apache, mstari huu ndani ya `.htaccess` unatosha:

```
Redirect 301 /ofa-ya-idi-2025 /seti-ya-sufuria-5
```

Mwaka ujao ukurasa wa ofa uite `/ofa-ya-idi`, bila mwaka, utumike tena.

Kichwa na muhtasari wa utafutaji. Hivi havionekani ukifungua ukurasa, vinaonekana Google. Kama tovuti ina data ya bidhaa, tafuta `priceValidUntil`. Tarehe yake ikiwa imepita, Google inaweza kuacha kuonyesha taarifa za bidhaa kwenye matokeo.

Kumbukumbu ya Facebook. Umebadilisha kila kitu, lakini ukibandika kiungo bado inatokea picha ya Idi. Facebook imehifadhi ile ya zamani. Fungua Sharing Debugger, weka anwani, bonyeza `Scrape Again`.

Msimbo wa punguzo. Uzime kwenye mfumo. Kuufuta kwenye tangazo tu hakumzuii aliyeuhifadhi kuutumia.

## Hatua ya 9: Jaribu kwa tarehe nne

Mpe mtu ambaye hakuliona tangazo la kwanza. Mwambie alisome mara nne, kila mara akijifanya ni siku tofauti: 10 Januari, 15 Julai, 26 Desemba, na siku ya katikati ya Ramadhani.

Januari hufichua maneno ya ukwasi; watu wamelipa ada, na "jipongeze" inasikika vibaya. Desemba hufichua kama tangazo linaonekana limepitwa katikati ya shamrashamra za wengine. Ramadhani ndiyo inayoangusha wengi: tangazo halina tarehe yoyote, lakini linasema "mchana huu waandalie wageni", na msomaji amefunga. Kumbuka pia kwamba kalenda ya Kiislamu ni fupi kwa takriban siku 11 kuliko ya kawaida, hivyo Ramadhani husogea nyuma kila mwaka. Huwezi kusema "Machi tutalishusha" ukaona umemaliza.

Umefaulu kama msomaji, baada ya mara nne, hawezi kukisia tangazo liliandikwa mwezi gani. Akikisia sawa, muulize neno lililompa jibu. Karibu kila mara atakuonyesha moja kwa moja.

## Hatua ya 10: Weka kumbukumbu, na jiandae kwa picha za skrini

Hifadhi nakala mbili zenye majina yasiyochanganyika, kwa mfano `sufuria-kudumu` na `sufuria-idi`. Tarehe ya kukagua bei upya iweke kwenye kalenda ya ofisi, kila baada ya miezi 3, si ndani ya tangazo.

Wateja wengine watakuja na picha ya skrini ya ofa ya zamani, hata baada ya miezi sita. Anayejibu simu asibuni jibu papo hapo, maana mmoja atakubali na mwingine atakataa, na wateja huambiana. Weka hili kwenye majibu ya haraka:

> Habari dada/kaka, karibu sana. Hiyo ilikuwa ofa ya Idi na imeshaisha. Seti hiyo hiyo ya sufuria 5 ipo, bei yake ni Sh 180,000. Nikutumie picha na vipimo?